Kiambatisho cha barua pepe

Kiambatisho cha barua pepe ni faili linalosafirishwa pamoja na ujumbe wa barua pepe. Faili hilo linaweza kuwa hati, picha, jedwali la hesabu, sauti n.k. Kila anayeandikiwa hupata nakala yake kamili, na tangu ujumbe unapofika nakala hiyo haimtegemei tena mtumaji: hawezi kuisahihisha wala kuirudisha.

Njia nyingine ya kupeleka faili ni kiungo. Hapo faili lenyewe hubaki mahali pamoja kwenye hifadhi ya mtandaoni, na barua hubeba anwani yake tu. Mtumaji anaendelea kulishika: anaweza kulibadilisha, kulifunga au kulifuta.

Kwa kifupi, kiambatisho ni nakala iliyokwisha kutolewa, na kiungo ni mlango ambao ufunguo wake bado uko kwa mwenye nyumba. Tofauti hiyo ndiyo inayoongoza uchaguzi wa njia, na pia namna faili linavyopewa jina, linavyopunguzwa ukubwa na linavyotajwa ndani ya barua.

## Historia na namna kinavyofanya kazi

Kanuni za kusafirisha barua pepe zilizotolewa mwaka 1982 zilikusudiwa kwa maandishi matupu. Zilikubali herufi 128 tu za mpangilio wa ASCII, yaani herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada, tarakimu na alama chache za uandishi. Picha au programu haikuweza kupita humo jinsi ilivyo. Watumiaji wa kompyuta za Unix waligeuza kwanza faili kuwa maandishi kwa programu ya `uuencode`, iliyotungwa na Mary Ann Horton mnamo mwaka 1980, wakayabandika maandishi hayo ndani ya barua, na mpokeaji akayageuza tena kuwa faili.

Tarehe 11 Machi 1992 Mmarekani Nathaniel Borenstein alituma ujumbe wenye picha na sauti kwa kutumia utaratibu mpya aliouandaa pamoja na Ned Freed. Utaratibu huo, unaoitwa MIME, ulichapishwa mwezi Juni mwaka huohuo, ukarekebishwa mwaka 1996, nao unatumika mpaka leo.

Katika MIME ujumbe hugawanywa katika sehemu kadhaa. Kila sehemu huanza na mistari michache inayoeleza aina ya faili, jinsi lilivyogeuzwa na jina lake, kwa mfano:

```
Content-Type: application/pdf
Content-Transfer-Encoding: base64
Content-Disposition: attachment; filename="barua.pdf"
```

Baada ya mistari hiyo hufuata faili lenyewe likiwa limegeuzwa kuwa herufi za kawaida. Kwa hiyo jina la faili husafiri ndani ya ujumbe jinsi mtumaji alivyoliandika, na ndilo mpokeaji anatakaloliona kwanza.

Njia ya kugeuza inayotumika zaidi ni Base64. Hiyo huchukua baiti tatu za faili, yaani biti 24, na kuzigawa katika mafungu manne ya biti sita. Kila fungu huandikwa kwa mojawapo ya herufi 64. Hivyo baiti tatu huwa herufi nne, nazo hupangwa katika mistari isiyozidi herufi 76. Ukijumlisha na alama za mwisho wa mistari, faili huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 37 linapokuwa njiani.

## Jina la faili

Jina la faili huandikwa na mtumaji, lakini mtumiaji wake mkubwa ni mpokeaji. Katika kompyuta ya mwombaji kazi, `CV.pdf` ni jina linaloeleweka, kwa kuwa humo mna wasifu wa mtu mmoja. Katika kompyuta ya ofisi iliyotangaza kazi mna mafaili mengi yenye jina hilohilo. Kivinjari kikipakua la pili hukiita `CV (1).pdf`, la tatu `CV (2).pdf`, na hakuna awezaye kujua la nani ni lipi bila kuyafungua yote. Mara baada ya kupakuliwa, faili limeachana na barua iliyolileta. Kwa sababu hiyo jina linapaswa kujibu lenyewe maswali matatu: linatoka kwa nani, linahusu nini na ni la tarehe au toleo gani.

Majina yanayotolewa na mashine, kama vile `IMG_0457.jpg` au `scan0001.pdf`, hayajibu swali lolote kati ya hayo. Inafaa kuyabadilisha kabla ya kuambatisha, kwa sababu programu nyingi za barua pepe haziruhusu kubadilisha jina la faili likishaambatishwa.

### Tarehe na namba

Tarehe ikianza na mwaka, ikafuata mwezi na siku, mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa wakati ndani ya folda. `2025-03-14` hutangulia `2025-11-02`. Zikiandikwa kwa kuanza na siku, yaani `14-03-2025` na `02-11-2025`, ile ya Novemba hutangulia ya Machi, kwa kuwa kompyuta hulinganisha herufi kutoka kushoto. Sababu hiyohiyo huifanya sura ya 10 kutangulia sura ya 2 katika baadhi ya programu, isipokuwa zimeandikwa `10` na `02`.

### Alama zisizofaa

Windows haikubali alama tisa katika jina la faili:

```
\ / : * ? " < > |
```

Mkwaju ndio unaowasumbua zaidi watumishi wa ofisi za Afrika Mashariki, kwa sababu namba za kumbukumbu za barua za serikali hujaa mikwaju, na tarehe pia huandikwa hivyo. Katika jina la faili mkwaju hubadilishwa kuwa kistari: kumbukumbu AB/12/7 huwa `AB-12-7`.

Alama nyingine yenye kuhitaji uangalifu ni ritifaa ya maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Ritifaa iliyonyooka imo katika ASCII. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Majina mawili yanaweza kuonekana sawa machoni, lakini mtu akitafuta kwa ritifaa moja asilipate faili lenye nyingine. Ni salama zaidi kuiacha kabisa katika jina la faili na kuandika `Ngombe`. Vilevile herufi zenye alama za Kifaransa, ambazo hutumiwa sana nchini Kongo na Burundi, pamoja na herufi za Kiarabu, husafiri vizuri katika programu za kisasa, lakini programu za zamani huweza kuzionyesha kama alama zisizosomeka.

Nafasi kati ya maneno hukubaliwa, ila anwani za mtandao huigeuza kuwa `%20`. Kwa hiyo wengi hutumia kistari au mstari wa chini mahali pake.

### Matoleo

Neno "mwisho" halifai kutambulisha toleo. Likitokea sahihisho baada ya `Bajeti-mwisho.xlsx`, hufuata `Bajeti-mwisho2.xlsx`, kisha `Bajeti-mwisho-kabisa.xlsx`, na hatimaye mtu anaidhinisha lisilo lenyewe. Namba haina tatizo hilo: `Bajeti_v01`, `Bajeti_v02`, `Bajeti_v03`. Toleo ambalo limekwisha kutumwa nje halibadilishwi likaachwa na namba ileile, hata kama kilichosahihishwa ni tarakimu moja. Nakala ya kwanza tayari iko mikononi mwa wengine, na namba ndiyo njia pekee ya kuzitofautisha mbili hizo.

### Kiendelezi

Herufi za mwisho baada ya nukta, kama vile `.pdf`, `.docx` au `.jpg`, huitwa kiendelezi. Hizo huiambia kompyuta itumie programu gani kulifungua faili. Mtu akizifuta kwa bahati mbaya wakati wa kubadilisha jina, mpokeaji ataambiwa kwamba faili haliwezi kufunguliwa, ingawa yaliyomo ni mazima. Dawa yake ni kulirudishia kiendelezi chake.

Kwa kawaida Windows huficha viendelezi inavyovitambua, na ufichaji huo uliwahi kuleta madhara makubwa. Mnyoo wa kompyuta ulioitwa ILOVEYOU, ulioenea kutoka Ufilipino mwezi Mei 2000, ulifika kama kiambatisho chenye jina hili:

```
LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs
```

Kwa kuwa `.vbs` ilifichwa, wengi waliona jina linaloishia `.TXT`, wakadhani ni maandishi matupu, wakafungua programu. Tangu hapo huduma za barua pepe zimekuwa kali. Gmail, kwa mfano, hukataa mafaili ya aina ya `.exe`, `.bat` na `.js`, hata yakifichwa ndani ya faili la `.zip`. Mtumaji mwema anayeandika jina lenye nukta mbili, kama `Ripoti.Machi.pdf`, hatendi kosa, lakini hufanana na wadanganyifu. Inafaa nukta iwe moja tu.

## Ukubwa

Gmail huruhusu kutuma viambatisho visivyozidi megabaiti (MB) 25 kwa ujumbe mmoja, vikihesabiwa vyote pamoja. Seva za ofisi na vyuo huweka mipaka yake, na mara nyingi ni midogo zaidi. Mpaka unaoamua ni ule mdogo kuliko yote katika njia ya ujumbe: barua inaweza kutoka salama kwa mtumaji na kukataliwa mlangoni kwa mpokeaji.

Pamoja na hayo, seva nyingi hupima ujumbe ukiwa umekwisha kugeuzwa kwa Base64. Faili la MB 18 huwa karibu MB 24.6 njiani, na la MB 8 huwa karibu MB 11, hivyo hukataliwa na seva yenye mpaka wa MB 10. Kwa hesabu ya haraka, faili liwe chini kidogo ya robo tatu ya mpaka uliotangazwa.

Ujumbe uliokataliwa kwa ukubwa kwa kawaida hurudisha taarifa ya kiotomatiki kwa mtumaji. Taarifa hiyo hutoka kwa seva, mara nyingi kwa Kiingereza na kwa jina kama `Mailer-Daemon`, kwa hiyo wengine huifuta wakidhani ni barua taka. Matokeo yake mtumaji anaamini kwamba barua imefika, na mpokeaji hana habari.

Chini ya mpaka bado kuna gharama. Barua yenye kiambatisho cha MB 6 ikitumwa kwa watu 40, nakala zote pamoja ni MB 240, na kila mmoja huilipia sehemu yake kwa kifurushi cha intaneti na kwa nafasi katika sanduku lake. Akaunti ya Google isiyolipiwa ina gigabaiti 15, ambazo barua, picha na mafaili ya Google Drive hugawana. Sanduku likijaa, barua mpya hazipokelewi tena.

### Kupunguza ukubwa

Mafaili yanayokuwa makubwa bila sababu ni hasa picha na karatasi zilizoskaniwa. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa doti 300 kwa inchi huwa na pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa doti 150 huwa na robo ya hizo, na barua iliyochapwa bado husomeka vizuri. Kuchagua rangi ya kijivu badala ya rangi zote hupunguza tena. Lakini ukurasa wenye maandishi madogo, mwandiko wa kalamu hafifu au ramani hufaa kubaki kwenye doti 300. Kipimo ni kulifungua faili lililopunguzwa, kulikuza kwenye skrini na kusoma tarakimu ndogo kuliko zote. Kama 3 na 8 hazitofautiani, punguzo limezidi.

Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ikipunguzwa kuwa 1,600 kwa 1,200 hubaki na takriban sehemu moja ya sita ya pikseli zake. Hiyo inatosha kwa skrini na kwa ripoti, lakini haitoshi kwa bango au kwa kuchapishwa kubwa.

Kufunga mafaili kwa `.zip` hakusaidii kila wakati. Picha za `.jpg` tayari zimebanwa, na mafaili ya `.docx` na `.xlsx` yenyewe ni vifurushi vya aina ya zip kwa ndani. Kazi inayobaki ya `.zip` ni kuyakusanya mafaili mengi kuwa moja. Hasara yake ni kwamba mpokeaji anayetumia simu analazimika kukifungua kifurushi kwanza kabla ya kuona kilichomo.

## Kiambatisho au kiungo

Swali la kwanza si ukubwa, bali ni nani anapaswa kulishika faili baada ya kutumwa.

Kiambatisho hufaa pale ambapo yaliyomo hayapaswi kubadilika: barua iliyosainiwa, mkataba, ankara, maombi yenye tarehe ya mwisho, muhtasari wa kikao uliothibitishwa. Mpokeaji hubaki na nakala inayoonyesha kile hasa alichopewa siku ile, na anaweza kuisoma hata pasipo na intaneti. Kiungo hakitoi uhakika huo. Aliyeidhinisha bajeti kupitia kiungo mwezi Machi anaweza kuifungua mwezi Juni akakuta tarakimu nyingine, au asikute kitu.

Kiungo hufaa katika hali tatu. Ya kwanza ni faili linaloandikwa na watu kadhaa kwa pamoja. Likiambatishwa kwa watu watano, watano hao watasahihisha nakala tano tofauti, na mtu mmoja atabaki na kazi ya kuzipatanisha. Ya pili ni faili kubwa, kama vile video au picha nyingi, hasa ambapo si kila mpokeaji anayelihitaji. Ya tatu ni faili linalobadilika mara kwa mara, kama ratiba, ambapo nakala ya zamani ni ya kupotosha.

Ukubwa ukizidi MB 25, Gmail yenyewe hulipeleka faili kwenye Google Drive na kuweka kiungo mahali pa kiambatisho. Mtumaji asiyegundua badiliko hilo hudhani ametuma nakala, kumbe ametuma mlango.

### Ruhusa

Kiungo huenda pamoja na ruhusa. Katika Google Drive faili huweza kufunguliwa na watu waliotajwa tu kwa anwani zao, au na yeyote aliye na kiungo. Kila mmoja huweza kupewa haki ya kutazama tu, ya kutoa maoni au ya kuhariri. Makosa hutokea pande zote mbili.

Ruhusa ikiwa finyu mno, mpokeaji hukutana na ukurasa unaomtaka aombe ruhusa. Ombi hilo humwendea mwenye faili, ambaye huenda amekwisha kuondoka ofisini. Hilo hutokea mara nyingi ambapo mpokeaji ana anwani mbili, na amefungua kwa ile isiyotajwa.

Ruhusa ikiwa pana mno, hatari ni kubwa zaidi ingawa haionekani. Kiungo kilicho wazi kwa yeyote hufanya kazi kwa kila anayekipata, hata kikipelekwa kutoka kundi hadi kundi la simu. Orodha ya majina ya wanafunzi na alama zao, matokeo ya vipimo vya hospitali au namba za vitambulisho havipaswi kuwekwa hivyo. Haki ya kuhariri ikiwa wazi pia, mgeni anaweza kubadilisha alama au kufuta safu nzima.

Njia rahisi ya kupima ni kukifungua kiungo katika dirisha la faragha la kivinjari, ambamo mtumaji hajaingia kwenye akaunti yake. Faili la siri likifunguka humo, liko wazi kwa wote. Faili lililokusudiwa kwa wote lisipofunguka, wapokeaji nao watakwama.

Kiungo hudumu kadiri akaunti ya mwenye faili inavyodumu. Kwa hiyo mafaili ya shule, chama au ofisi huwekwa kwenye akaunti ya taasisi, si ya mtumishi mmoja ambaye akihamishwa au akistaafu viungo vyote hukatika.

## Kutaja mafaili ndani ya barua

Maneno "tafadhali tazama kiambatisho" hayamsaidii mpokeaji aliyepata viambatisho vitatu, wala yule ambaye hakupata hata kimoja. Kutaja kunakofaa huwa na mambo manne: idadi ya mafaili, jina la kila moja, kilichomo na kinachotakiwa kufanywa nalo. Idadi ni kinga ya pande zote mbili. Barua ikisema "mafaili matatu" na mpokeaji akaona mawili, anajua papo hapo kwamba kuna pungufu.

Jambo lenyewe huandikwa ndani ya barua, na kiambatisho huwa ushahidi au maelezo ya ziada. Mpokeaji anayesoma kwa simu yenye intaneti hafifu anapaswa kujua kiasi kinachoombwa, tarehe ya mwisho au uamuzi uliofikiwa kabla ya kufungua faili lolote. Barua tupu yenye kiambatisho peke yake haitafutiki kwa urahisi baadaye, tena hufanana na barua za kitapeli. Kiambatisho kikizidi MB chache, ni adabu kutaja ukubwa wake ili asiye na kifurushi cha kutosha asubiri.

Kiungo nacho huhitaji maelezo yake: kinaelekea wapi, nani anaweza kukifungua, anaweza kufanya nini humo na kitakuwa wazi mpaka lini.

Kusahau kuambatisha ni kosa la kila siku. Njia ya uhakika ni kuambatisha kwanza, kuandika barua baadaye, na kuweka anwani ya mpokeaji mwisho kabisa, kwa sababu barua isiyo na anwani haiwezi kuondoka. Baadhi ya programu hutoa onyo zinapoona maneno yanayodokeza kiambatisho lakini hazioni faili. Onyo hilo hutegemea maneno yaliyomo katika orodha ya programu. Katika Thunderbird mtumiaji anaweza kuiongeza orodha hiyo mwenyewe, akaweka "nimeambatisha", "kiambatisho" na "viambatisho" ili onyo lifanye kazi kwa barua za Kiswahili.

Barua inapojibiwa, kwa kawaida viambatisho vya awali havifuati, lakini inapopelekwa kwa mtu mwingine hufuata. Kwa hiyo anayeongezwa katikati ya mazungumzo ya majibu haoni mafaili yanayozungumziwa. Naye anayepeleka mbele barua aliyoandikiwa hupeleka pia viambatisho ambavyo pengine havikumhusu huyo mwingine.

## Mfano

Mkuu wa shule ya sekondari nchini Tanzania anaomba fedha za kuezeka upya vyumba viwili vya madarasa vilivyoezuliwa na upepo. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 21 Machi. Ana barua iliyosainiwa ya kurasa nne, jedwali la makadirio ya gharama na picha 24 za uharibifu.

Barua iliskaniwa kwa rangi na doti 300, nayo ina MB 9. Jedwali lina kilobaiti 60. Picha ni takriban MB 4 kila moja, jumla MB 96. Vyote pamoja havipiti kwa barua pepe.

Barua inaskaniwa tena kwa doti 150 na rangi ya kijivu, ikabaki MB 1. Sahihi na muhuri vinakaguliwa kwa kukuzwa: vinasomeka. Kati ya picha 24 zinachaguliwa tano zinazoonyesha kila chumba ndani na nje. Zinapunguzwa kuwa pikseli 1,600 kwa 1,200 na kuwekwa katika faili moja la `.pdf` lenye maelezo chini ya kila picha, jumla MB 2. Viambatisho sasa ni karibu MB 3.1, na njiani vitakuwa karibu MB 4.2. Picha zote 24 zinawekwa kwenye folda ya akaunti ya shule kwa haki ya kutazama tu, na anayetajwa kuzifungua ni ofisi ya wilaya kwa anwani yake.

Barua na makadirio vinaambatishwa kwa sababu ndivyo vitakavyoamuliwa, na ofisi inahitaji nakala isiyobadilika. Picha zote zinabaki kwenye kiungo kwa sababu ni mkaguzi tu atakayezihitaji.

Ofisi hiyo hupokea maombi ya shule nyingi, kwa hiyo kila jina linaanza na namba ya kituo cha mtihani ya shule, hapa ikiwa S0000 badala ya namba halisi:

```
S0000_2025-03-14_Maombi-Paa_1-Barua.pdf
S0000_2025-03-14_Maombi-Paa_2-Makadirio.xlsx
S0000_2025-03-14_Maombi-Paa_3-Picha.pdf
```

Mwili wa barua unasomeka hivi:

> Ndugu Afisa Elimu,
>
> Shule inaomba shilingi 14,600,000 za kuezeka upya vyumba viwili vya madarasa vilivyoezuliwa na upepo. Wanafunzi 92 wanasomea ukumbini kwa sasa.
>
> Nimeambatisha mafaili matatu (jumla MB 3.1): (1) barua ya maombi iliyosainiwa, kurasa 4, (2) makadirio ya gharama, ambayo jumla yake iko mstari wa 31, (3) picha tano za uharibifu.
>
> Picha zote 24 ziko kwenye kiungo kilicho hapa chini. Kinafunguka kwa anwani hii ya ofisi yako tu, na kitabaki wazi hadi tarehe 30 Juni. Si lazima kuzifungua ili kushughulikia maombi.
>
> Naomba kuthibitishiwa kwamba mafaili yote matatu yamefika na yanafunguka kabla ya tarehe 21 Machi.

Ombi la mwisho lina kazi yake. Barua iliyotumwa tarehe 14 inaacha siku saba za kugundua kwamba seva imeikataa au kwamba faili limeharibika. Ikitumwa usiku wa tarehe 20, kosa hilohilo hugundulika mlango ukiwa umefungwa.

## Kurekebisha faili lililokosewa

Mtumaji akigundua kosa baada ya kutuma kiambatisho, hawezi kuifuta nakala iliyokwisha kufika. Gmail ina uwezo wa kusitisha ujumbe, lakini kwa sekunde zisizozidi 30 tu tangu kubonyeza kitufe cha kutuma. Baada ya hapo hutumwa barua ya pili kwa wote walioandikiwa ile ya kwanza, yenye faili jipya na namba mpya ya toleo. Barua hiyo hutaja kilichobadilika na mahali pake, kwa mfano: "v02 inachukua nafasi ya v01, kilichosahihishwa ni mstari wa 18, idadi ya mabati kutoka 240 kuwa 204." Aliyekwisha kuichapisha au kuipeleka kwa mwingine ile ya kwanza hujua bila kuuliza ni karatasi ipi ya kuondoa.

Kosa likiwa ni kumtumia mtu asiyehusika habari za siri, kiungo kinaweza kufungwa mara moja, ingawa haijulikani nani amekwisha kupakua. Kwa kiambatisho hakuna cha kufunga. Linalobaki ni kumwomba aliyepokea afute, na kuwaarifu wale ambao habari zao zimetoka.